Kikohozi baada ya kuacha sigara

"Naandaa kipindi cha redio hapa Lamu. Msikilizaji anasema mumewe, mvuvi, aliacha sigara, wiki ya pili akakohoa kuliko zamani. Akairudia, kikohozi kikatulia. Nimjibu vipi?"

Ndugu, soma hivi hewani: "Dada, kifua cha mumeo kilikuwa kinajisafisha. Ndani ya njia za hewa mna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma makohozi juu hadi kooni. Moshi huvilemaza. Mtu akiacha, vinaamka, na uchafu uliokaa humo unatoka kwa kukohoa. Aliporudia sigara vikalemaa tena, makohozi yakabaki ndani. Ule utulivu haukuwa nafuu."

Mchangiaji aliyeandika hapo juu kwamba kikohozi hicho ni nikotini inayotoka mwilini ana nusu ya ukweli. Nikotini huisha mwilini kwa siku chache, na kuikosa huleta hasira na usingizi wa mang'amung'amu, lakini makohozi yana sababu yake. Na kaka mwingine hapa anayevuta shisha, maji ya shisha hupoza moshi tu, sumu inapita, kwa hiyo jibu linakuhusu pia.

Ila tafadhali usimalizie hapo, kwa sababu kuna mtu atasikia na kukaa nyumbani na ugonjwa. Kikohozi cha kuacha sigara kwa kawaida hupungua baada ya wiki chache. Akiona damu, jasho la usiku, homa au anakonda, asisubiri hata siku: aende hospitali ya King Fahd hapo Lamu apimwe kifua kikuu. Na kikohozi kisipoisha kwa mvutaji wa miaka mingi, daktari amwangalie mapafu, maana huenda yaliumia zamani.