Ukurasa mmoja ambao bodi itausoma

Mjumbe wa bodi hupokea kabrasha la kikao siku chache kabla, na ndani yake ripoti yako ni ajenda moja tu kati ya nyingi. Kurasa 120 hatazisoma, atasoma ule wa kwanza. Kwa hiyo muhtasari wa ripoti ya ushauri elekezi nauandika kuanzia kwenye uamuzi, wala sifuati mpangilio wa sura. Kabla ya kugusa kitu chochote naandika azimio ambalo katibu wa bodi angeweza kulinakili kwenye kumbukumbu za kikao. Azimio likinishinda kuandika, najua tatizo liko kwenye mapendekezo yenyewe, na hakuna uhariri utakaoliponya.

Chukua ripoti moja niliyoifanyia kazi, kuhusu upotevu wa maji katika mamlaka ya maji ya mji wa wastani. Tarakimu nimezibadilisha, hesabu ni ile ile. Muhtasari wa awali ulikuwa na kurasa 6 na ulianza hivi: “Mamlaka ilimteua Mshauri Elekezi kufanya tathmini ya kina ya upotevu wa maji kwa kuzingatia hadidu za rejea.” Bodi ndiyo iliyopitisha hadidu hizo, kwa hiyo haina haja ya kusomewa tena. Zilifuata kurasa 2 za mbinu za utafiti, na ombi la fedha likajitokeza ukurasa wa 5.

Baada ya kukaza, aya ya kwanza ilisomeka hivi:

“Bodi inaombwa kuidhinisha Sh bilioni 1.08 za kubadilisha dira 9,000 zilizochakaa katika mwaka wa fedha ujao. Tunakadiria fedha hizo zitarudi ndani ya miezi 9 hadi 16, kwa kuwa maji ambayo wateja wanayatumia bila dira kuyasoma yataanza kulipiwa. Upotevu utashuka kutoka asilimia 38 hadi takriban 31. Sehemu kubwa ya utakaobaki ni mivujo ya mabomba, ambayo hatua hii haiigusi.”

Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoipigania. Wenzangu walitaka iondoke kwa madai kwamba inadhoofisha ombi. Lakini mjumbe aliyesoma “asilimia 38” na “dira mpya” kwa pamoja ataondoka akiamini dira zitamaliza tatizo lote, na mwaka unaofuata atauliza kwa nini upotevu bado ni mkubwa. Maji yanayopotea ni ya aina mbili. Kuna yanayovuja ardhini, na kuna yanayomfikia mtumiaji bila kulipiwa, kwa dira mbovu au maunganisho ya wizi. Dira mpya hutibu kipande cha aina ya pili tu. Kikomo cha namna hii kinachobadilisha maana ya pendekezo hakikatwi, hata nafasi ikibana vipi.

Vivyo hivyo kwa ile “miezi 9 hadi 16”. Hesabu ya katikati ilikuwa mita za ujazo 700,000 zitakazookolewa kwa mwaka, kwa bei ya wastani ya Sh 1,600, yaani Sh bilioni 1.12. Ingependeza kuandika “takriban mwaka mmoja” na kuachana nayo. Ila makadirio yalitokana na kupima sampuli ya dira, na yangeweza kuangukia popote kati ya mita za ujazo 500,000 na 900,000. Ukitaja mwanzo na mwisho wa makadirio, unatumia maneno machache na mwenyekiti anajua uzito wa namba aliyopewa.

Yaliyobaki kwenye ukurasa yalikuwa mafupi: sababu mbili za kuchagua dira kabla ya mabomba, hatari moja kubwa (dira mpya zikiwekwa bila kusafisha orodha ya wateja, bili zitaendelea kwenda kwa majina yasiyo sahihi), na nani anawajibika ifikapo lini. Mbinu ya utafiti ilipata sentensi moja.

Usipunguze ukubwa wa herufi ili maneno yaenee. Kwenye A4 yenye herufi za 11 na pambizo za kawaida, maneno 400 hadi 450 yanatosha, na yakizidi kata hoja nzima badala ya kubana kila sentensi, maana sentensi zilizobanwa sana huwa hazisomeki.

Kisha mpe ukurasa mtu wa uhasibu au utumishi ambaye hakushiriki kazi hiyo. Baada ya dakika 2 uuchukue na umuulize bodi inaombwa nini, kwa kiasi gani, na nini hakitatatuliwa. La tatu ndilo hukwama mara nyingi. Mwisho, kila namba iandikie pembeni ukurasa wa ripoti inakotoka na uilinganishe, kwa sababu sura hurekebishwa usiku wa mwisho na muhtasari ukabaki na tarakimu za zamani. Mjumbe mmoja akigundua asilimia 38 huku na 36 kule, kikao kitaishia kujadili namba hizo na ombi litaahirishwa hadi robo ijayo.