Mkojo wa kichocho uchukuliwe adhuhuri: kuchuja na kuhesabu mayai

Kopo la mkojo likiletwa maabara saa moja asubuhi kutafutwa kichocho, lipokeeni, lakini msitarajie mengi. Mkojo wa kuamkia unafaa kwa kipimo cha mimba. Kwa kichocho cha mkojo tunautaka uliotoka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na ukiwa wa karibu na saa sita ndio bora.

Minyoo majike hutaga kwenye vishipa vya damu vya kibofu, na mayai hupenya ukuta wake mpaka yakaangukia kwenye mkojo. Utokaji huo haulingani kutwa nzima: asubuhi ni mdogo, adhuhuri hufika kileleni, jioni hupungua. Mtoto wa shule tunayempima naye akojoe mpaka mwisho, kwani matone ya mwisho ndiyo huwa na mayai mengi. Akikinga mwanzo tu na kumwaga uliobaki, amemwaga tulichokitafuta.

Hapa Pemba saa ina uzito zaidi kuliko zamani. Baada ya miaka mingi ya kugawa dawa ya prazikwanteli, wengi wanaokutwa na kichocho wana mayai machache. Tuseme mkojo wa asubuhi una wastani wa yai 1 kwa kila mililita 10. Ukichuja mililita 10, kwa bahati tu utakosa yai takriban mara 37 katika 100, hata kama mkono wako haukukosea. Adhuhuri wastani ukipanda hadi mayai 3, utakosa mara 5 tu. Kwa hiyo panga na mwalimu mkuu kabla ya siku yenyewe: watoto wa mkondo wa asubuhi wakojoe kabla hawajatawanyika. Mwezi wa Ramadhani bora usubiri, maana aliyefunga huweza kukupa vijiko viwili tu adhuhuri.

Weka makopo kivulini na yachujwe siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache. Usiongeze maji hata kidogo: yai likikutana na mwanga na maji yasiyo na chumvi, hupasuka na kutoa kiluwiluwi, nawe utabaki kuhesabu maganda.

Chujio tunalotumia ni la polikaboneti, upana milimita 13, lenye matundu ya mikroni 12. Liweke kwa koleo bapa ndani ya kishikio chake, ukaze. Kabla ya kuvuta mkojo, tikisa kopo taratibu, kwa sababu mayai hutuama chini upesi. Anayevuta juu juu huchuja mkojo mtupu. Vuta mililita 10 kwa bomba la sindano, lifunge kwenye kishikio, kisha usukume polepole. Ukihisi ukinzani mkubwa, usilazimishe: chujio litapasuka, na dalili yake ni kuona mkojo ukipita ghafla bila kusukuma. Hapo anza upya na chujio jingine.

Kosa linalopoteza mayai mengi hutokea mwishoni. Ili kutoa mabaki ya mkojo inabidi upitishe hewa, na wengi huvuta pistoni kabla hawajalifungua bomba. Mvuto huo huinua mayai kutoka kwenye chujio. Fungua bomba kwanza, livute hewa likiwa peke yake, lirudishe, ndipo usukume.

Toa chujio kwa koleo, ulilaze juu ya slaidi, upande ulioupokea mkojo ukiwa juu. Dondosha tone la ayodini ya Lugoli, ngoja sekunde 15, mayai yageuke rangi ya chungwa. Hesabu chujio zima kwa lenzi ya mara 4, yaani ukuzaji wa mara 40, mstari kwa mstari. Usihesabu robo ukazidisha. Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba kwenye ncha moja. Ukiona mwiba wa ubavuni, hilo ni la kichocho cha tumbo. Viputo vya hewa na fuwele huwahadaa wageni. Kwa shaka yoyote, panda lenzi ya mara 10 uutafute mwiba.

Sasa hesabu yenyewe. Mtoto mmoja amekupa mililita 6 tu, ukaona mayai 9. Usiandike 9. Gawanya 9 kwa 6, zidisha kwa 10: ni mayai 15 kwa mililita 10, maambukizi mepesi, kwani mazito huanzia 50. Mwenzake ana mayai 20, lakini mkojo wake mwekundu kwa damu ya kichocho: huyo anaingia kwenye wazito. Kwa wasichana, muulizeni muuguzi mwanamke kuhusu hedhi kabla damu haijaandikwa.

Sifuri nayo iandikwe pamoja na ujazo wake na saa ya kukojoa. Sifuri ya mililita 4 za saa mbili asubuhi haifai kukaa safu moja na ya mililita 10 za saa sita. Huyo wa kwanza aitwe tena kesho adhuhuri.