Mauzo Bado: Je, Jina Limewafikia?

Tumetangaza kwa miezi miwili na mauzo hayajasogea. Bosi anataka tusimamishe. Nitajuaje kama kuna waliotufahamu?

Anza kwa kumwuliza bosi wako mteja wa kawaida hununua bidhaa yenu kila baada ya muda gani. Kama ni mara moja kwa miaka kadhaa, basi wengi waliouona ujumbe wenu hawana haja nao mwezi huu, hata kama wameuelewa vizuri. Kwao faida ya tangazo ni jina kubaki kichwani hadi siku ya haja. Hilo linaweza kupimwa kwa njia mbili: kuwauliza watu wanakumbuka nini, na kuangalia wanaandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia.

Njia ya kwanza ndiyo utafiti ambao majukwaa ya matangazo huuita Brand Lift. Kabla ya kampeni kuanza, jukwaa hutenga kwa bahati nasibu kundi la watu ambao wangestahili kuonyeshwa tangazo lakini wananyimwa. Baadaye kundi hilo na lile lililoonyeshwa tangazo huulizwa swali lilelile. Kwa kuwa mlishaanza bila kutenga kundi hilo, kwa miezi hii miwili mmechelewa, na mnaweza kulitenga kwa awamu ijayo tu. Utafutaji hauna shida hiyo. Search Console, chombo cha Google kinachowaonyesha watu walitafuta nini hadi tovuti yenu ikatokea, huhifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo hali ya kabla ya tangazo bado mnaweza kuiona.

Jukwaa limetuletea ripoti: wanaotufahamu wameongezeka kwa asilimia 15. Waliohojiwa ni 1,000 kila kundi. Nisherehekee?

Bado. Tafuta kwanza hiyo 15 imetokana na nini. Tuseme kwenye kundi lililonyimwa tangazo, watu 20 kati ya 100 walilitambua jina lenu, na kwenye kundi lililoliona wakawa 23. Tofauti ni pointi 3. Ukizigawa kwa 20 unapata asilimia 15, na ndiyo namba iliyopambwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Si uongo, ila pointi 3 ndizo zinazokuambia ni watu wangapi hasa waliongezeka.

Kisha angalia nafasi ya makosa. Kwa watu 1,000 kila upande, tofauti ya pointi 3 ina nafasi ya makosa ya takriban pointi 3.6 juu na chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Maana yake ukweli unaweza kuwa popote kati ya kupungua kwa pointi 0.6 na kuongezeka kwa pointi 6.6. Sifuri imo humo ndani, kwa hiyo huwezi kudai kuwa tangazo limefanya kazi, wala huwezi kudai kuwa halikufanya. Mngewahoji 2,500 kila upande mkapata pointi 3 zilezile, nafasi ya makosa ingeshuka hadi kama 2.3, na hapo mngekuwa na la kusema mbele ya bosi.

Uliza pia watu walihojiwa lini. Mtu aliyeulizwa siku moja baada ya kuona tangazo hukumbuka kuliko atakavyokumbuka mwezi ujao. Kwa bidhaa inayonunuliwa kwa nadra, kumbukumbu ya mwezi ujao ndiyo unayoilipia.

Hatukuwa na bajeti ya utafiti wa jukwaa, tukahoji wenyewe. Waliosema wanakumbuka tangazo letu, 6 kati ya 10 wangetufikiria wakitaka kununua. Waliosema hawalikumbuki, 2 kati ya 10. Si ushahidi tosha?

Hapana, na nasikitika kwa sababu najua kazi ya kuhoji ilivyo. Tatizo ni kwamba makundi yenu yamejigawa yenyewe. Anayewajua tayari, au aliyewahi kununua kwenu, hulitambua tangazo lenu haraka kwa sababu jina si geni kwake. Asiyewajua huliona tangazo hilohilo na kulisahau. Kwa hiyo ile tofauti kubwa ya 6 na 2 inaweza kuwepo hata kama tangazo halikumbadilisha mtu hata mmoja. Ndiyo maana utafiti mzuri hauwagawi watu kwa wanachokumbuka, bali kwa walichoonyeshwa.

Kama fedha ni chache, chagueni maeneo mtakayotangaza na mengine yanayofanana nayo ambayo hamtatangaza. Wahojini watu wa pande zote mbili kabla na baada. Kwenye orodha ya majina mnayowasomea, chomekeni jina moja lisilokuwepo duniani. Idadi ya watakaodai wanalijua itawaonyesha ni wangapi wanaitikia tu ili mahojiano yaishe.

Utafutaji wa jina letu Google umepanda kutoka 900 hadi 1,070 kwa wiki. Tunauza nchi mbili na tulitangaza moja tu. Ni matunda ya tangazo?

Una bahati ya kuwa na nchi ya kulinganisha nayo. Lakini safisha namba kwanza. Wengi wanaoandika jina la kampuni ni wateja wa zamani wanaotafuta mahali pa kuingilia kwenye akaunti zao, na hao hawakuambii lolote kuhusu ufahamu mpya. Kwenye Search Console, chuja maneno yaliyotafutwa kwa Custom (regex), ambapo alama | humaanisha "au", ukiweka jina lenu na makosa ya tahajia ambayo watu hufanya:

```
jinalako|jina lako|jinalakko
```

Kisha hesabu wateja wa zamani peke yao, uwatoe:

```
(jinalako|jina lako|jinalakko).*(login|password|akaunti)|(login|password|akaunti).*(jinalako|jina lako|jinalakko)
```

Tumia safu ya Impressions, yaani mara ambazo tovuti yenu ilionekana kwenye matokeo, badala ya Clicks, kwa kuwa mibofyo hupungua mkinunua tangazo juu ya jina lenu wenyewe. Fahamu pia kwamba ukichuja, maneno yanayotafutwa na watu wachache sana hayahesabiwi, hivyo jumla yako iko chini kidogo ya uhalisia.

Sasa gawa kwa nchi. Tuseme namba zenu zilishakuwa safi, na nchi yenye tangazo imetoka 400 hadi 520, na isiyo na tangazo imetoka 500 hadi 550. Nchi ya pili imekua kwa asilimia 10 bila tangazo, labda kwa sababu ya msimu. Kwa mwendo huohuo ya kwanza ingefika 440. Ziada ya 80 ndiyo unayoweza kuihusisha na tangazo, wala si ile 170 ya jumla. Kabla ya kuiamini, rudi nyuma wiki 12 uone kama nchi hizo mbili zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja. Kama mwendo wao ulikuwa ukitofautiana kwa 80 hata kabla ya tangazo, hujapata kitu.

Google Trends inatuonyesha 100. Ni watu 100?

Hapana. 100 ni kilele cha utafutaji katika kipindi ulichokichagua, na namba nyingine zote hupimwa dhidi yake. Ukibadili tarehe, namba zinabadilika. Jina linalotafutwa na wachache huweza kuonyeshwa kama sifuri.

Utafiti unasema ufahamu umepanda, lakini utafutaji umelala. Niamini kipi?

Vyote viwili vinaweza kuwa kweli. Kulitambua jina kwenye orodha ni rahisi kuliko kulikumbuka bila kusomewa, na aliyelitambua tu hana cha kuandika kwenye kisanduku. Rudia utafiti bila orodha: "Ukitaja kampuni za bidhaa hii, zipi zinakujia akilini?" Kama hapo hakuna kilichosogea, angalia tangazo lenyewe. Mara nyingi utakuta jina linatokea sekunde za mwisho, baada ya watu kuruka tangazo.