Laki nane ilikuwa nusu ya habari: nilivyoandika upya brosha ya franchaizi ya kuku

Sentensi iliyoniletea taabu niliiandika mwenyewe, tena kwa raha zangu: "Anza na KSh 800,000 tu, urudishe pesa yako ndani ya miezi minane." Mteja wangu ana maduka ya kuku na chipsi hapa Kisumu, na alitaka kuuza franchaizi, yaani mtu wa Kakamega au Busia anunue haki ya kutumia jina lake, mapishi yake na utaratibu wake. Mimi kazi yangu ni kuandika brosha, na hesabu zilikuwa za mwenye mali. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mwaka mmoja baadaye nikapigiwa simu na mama mmoja, nesi mstaafu. Alikuwa amefungua duka Kakamega kwa pesa ya pensheni, na namba yangu aliipata kwa mpiga chapa. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, hii miezi minane uliihesabu wapi?"

Nikaenda kwa mwenye biashara tukakaa na daftari lake. Nilitarajia kukuta uongo. Nikakuta jambo lililo gumu zaidi kulitambua: hesabu ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya mnunuzi. Duka lake la kwanza linauza wastani wa KSh 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla 390,000. Katika kila shilingi mia, 58 zinakwenda kwa kuku, viazi, mafuta, unga na vifungashio. Zinabaki 163,800. Toa mishahara ya vijana watatu, 45,000, toa gesi na umeme, 16,000. Faida inakuwa 102,800. Gawanya laki nane kwa laki moja, hiyo hapo miezi minane.

Tatizo ni kwamba duka lile liko kwenye jengo lake. Halipi kodi ya pango. Na hawezi kujilipa mwenyewe mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina. Mnunuzi wa Kakamega ana kodi ya 25,000, na kila mwezi anatuma Kisumu asilimia 6 ya mauzo kwa ajili ya jina na asilimia 2 ya matangazo. Hata kama angeuza sawasawa na Kisumu, angebaki na 46,600. Hiyo si nusu ya tulichomwahidi.

Naye hakuuza sawasawa. Mama yule alikuwa anauza 9,000 kwa siku, kiasi kisichokuwa kibaya kwa duka geni. Kwa mwezi ni 234,000. Baada ya bidhaa zinabaki 98,280. Kodi, mishahara na gesi ni 86,000. Kwa hiyo kabla ya kulipa jina alikuwa na faida ya 12,280. Halafu inakuja ile asilimia 8, ambayo ni 18,720, na faida inageuka hasara ya 6,440.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na brosha ya kwanza ilikaa kimya kabisa. Mrabaha hukatwa kwenye mauzo, haukatwi kwenye faida. Mwenye jina analipwa hata mwezi ambao wewe unakula hasara. Si wizi, ndivyo franchaizi nyingi zinavyoendeshwa, lakini msomaji lazima aambiwe kwa maneno yasiyopindika. Katika brosha mpya niliandika hivi: "Duka linalolipa kodi ya 25,000 linahitaji kuuza takriban KSh 9,750 kila siku ya kazi ili lisile hasara. Ukiuza chini ya hapo, mrabaha bado utadaiwa." Sentensi hizo mbili zina faida kwa mnunuzi kuliko kurasa sita za picha, maana sasa anaweza kwenda kukaa nje ya duka analolitaka na kuhesabu wateja.

Gharama ya kuanza nayo ilikuwa na ugonjwa uleule. Laki nane ilikuwa ada ya jina, 300,000, na mashine za kukaangia, friji na vyombo, 500,000. Yaani tulitaja pesa zinazopitia mikononi mwetu tu. Zile za watu wengine tukamwachia mnunuzi azigundue mwenyewe. Nilimwomba mama anisomee risiti zake kwa simu, nikaandika moja moja. Dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza, 75,000. Gudiwili, yaani pesa ya kuachiwa nafasi, kwa mpangaji aliyetoka, 150,000. Vigae, kaunta, bomba la moshi na bango, 280,000. Vibali vya kaunti, vyeti vya afya vya wafanyakazi na kazi ya fundi wa umeme, 60,000. Bidhaa za kwanza, 75,000. Hiyo gudiwili ndiyo ilimkata maini. Kila anayepanga duka mjini anaijua, haina risiti ya maana, hairudi, na hakuna brosha niliyowahi kuona ikiitaja.

Kukawa na fungu moja zaidi ambalo hakulitenga kabisa: pesa ya kuendesha duka kabla halijasimama. Huko Marekani, muuza franchaizi analazimishwa na sheria kumpa mnunuzi hati ya vipengele 23 angalau siku 14 kabla ya kutia saini, na jedwali la gharama humo linataka fedha za ziada za miezi isiyopungua mitatu ya mwanzo. Afrika Kusini nako kuna hati na siku 14, na mnunuzi ana siku 10 za kazi za kujiondoa baada ya kusaini. Kenya hatuna sheria maalumu ya franchaizi, kwa hiyo hakuna atakayekushika ukikaa kimya. Mimi niliazima jedwali lile. Miezi mitatu ya kodi, mishahara na gesi ni 258,000. Ukijumlisha na risiti zile na ile laki nane, ikafika KSh 1,698,000.

Mwenye biashara alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Omera, karatasi hii itafukuza watu."

Itawafukuza, ndiyo. Mwenye laki nane peke yake anapaswa kufukuzwa, kwa sababu mwezi wa tatu ataacha kutuma mrabaha na mwezi wa sita atafunga duka lenye bango lako.

Ukiliandika jedwali kama hilo, kiasi peke yake hakitoshi. Mbele ya kila gharama weka anayelipwa, lini, na kama pesa hiyo hurudi. Ada ya jina hairudi hata ukikosa duka la kupanga. Tuliiandika hivyo. Pia andika mwezi na mwaka wa bei hizo, kwa sababu mafuta ya kupikia hayakai bei moja.

Upande wa usaidizi kazi ilikuwa fupi. Brosha ya zamani ilisema "mafunzo kamili na usaidizi wa saa 24". Kila neno kama hilo nililiuliza: nani, siku ngapi, wapi, nauli ya nani? Ikatoka kwamba mafunzo ni siku 6 za watu wawili kwenye jiko la Kondele, malazi juu ya mnunuzi. Msimamizi mmoja hukaa siku 4 wakati wa kufungua. Simu hupokelewa saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na anayeipokea ndiye huyo huyo anayesimamia matawi mawili. Kutafuta mahali pa duka si kazi yao, na hilo nililiandika pia, maana mama alidhani ni kazi yao. Kisha kuna mchanganyiko wa viungo, ambao lazima ununuliwe kwao, na wanapata faida juu yake. Mwenye biashara hakuona kwa nini mnunuzi ajue. Nilimwambia kwamba mnunuzi atajua siku atakapokuta viungo vile vile sokoni kwa bei pungufu, na siku hiyo hatakuamini tena hata ukimwambia mafuta yamepanda.

Ukurasa wa hatari ndio uliotugombanisha. Yeye alikuwa tayari kuweka "biashara yoyote ina hatari zake". Mimi nina kipimo kimoja: kama sentensi inaweza kukaa kwenye brosha ya saluni au ya matatu bila kubadilishwa neno, ifute, haijamwonya mtu. Hatari iandikwe na kinachoisababisha na kinachofuata. "Kati ya maduka matano tuliyouza, mawili yamefungwa. Moja lilikuwa mbali na stendi, jingine liliishiwa pesa mwezi wa tano." "Mkataba ni wa miaka 5. Ukifunga mapema, mrabaha uliokwisha kudaiwa utalipa, na kwa miezi 12 hutaruhusiwa kuuza kuku wa kukaanga mji huohuo." Na tukaweka kwamba wale wawili waliofunga wamekubali kupigiwa simu, namba zao zinatolewa kwa anayeuliza kwa dhati. Mama wa Kakamega ni mmoja wao.

Hatari ya tatu ilimshtua mwenyewe. Brosha ilijivunia "jina lililosajiliwa". Nikaomba cheti, akanionyesha cha usajili wa kampuni. Hicho si alama ya biashara. Alama husajiliwa kwenye Taasisi ya Mali Miliki ya Viwanda, ile KIPI, hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa, na kabla ya kusajiliwa hutangazwa ili mwenye pingamizi awe na siku 60 za kulileta. Alikuwa anauza haki ya jina ambalo bado hajalifunga. Akapeleka maombi wiki hiyo, na brosha ikasema: "Maombi ya alama yamepelekwa. Yakikataliwa, itabidi ubadilishe bango, na gharama hiyo tutaibeba sisi." Hayo maneno ya mwisho ni yake. Sikumlazimisha.

Tulibishana pia juu ya picha ya jalada, foleni iliyofika barabarani. Ilipigwa siku ya nusu bei. Nikampeleka mpiga picha dukani siku ya Jumanne, saa tisa alasiri: wateja wawili, kijana anafuta kaunta, chipsi kidogo kwenye kioo. Mwenye biashara aliitazama kwa muda. Akasema ile ya foleni ibaki, ila chini yake paandikwe "siku ya ofa", na hii ya Jumanne iwekwe kando yake, saizi moja.