Ukiandika "naomba" kwenye deni lako, umejimaliza mwenyewe

Mwaka jana nilitengeneza vitanda 8 vya mninga kwa gesti moja hapa Tanga, sitaitaja, kila kitanda laki nne na ishirini, jumla 3,360,000. Nikapewa advansi 1,500,000, tukakubaliana salio la 1,860,000 lilipwe siku 30 baada ya kupeleka mzigo. Nimepeleka tarehe 4 Machi, wamesaini hati ya kupokelea, wakanipa na soda. Tarehe 3 Aprili ikapita kimya.

Nikaandika barua. Si unajua tena sisi huku pwani, adabu kwanza, basi nikaweka "naomba kwa heshima na taadhima, kama itawezekana na hali ikiruhusu, unisaidie kumalizia kiasi kilichobaki." Majibu niliyopata kwa mdomo ni kwamba ombi langu limepokelewa na litafikiriwa. Ombi! Hela yangu ndo inafikiriwa hivyo.

Hasira zikanipanda, nikaandika ya pili, hiyo sasa nusu yake matusi, kuna mahali nimesema "utanitambua" na "nitakuletea polisi". Kwa bahati kabla sijaipeleka nikapita kwa mzee mmoja wa hapa mtaani Ngamiani, karani mstaafu, nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akavaa miwani akazisoma zote mbili. Akacheka. Akasema, "Hii ya kwanza ya kuomba mchango wa harusi, na hii ya pili ukiipeleka, wewe ndo utashtakiwa kwa vitisho. Deni la biashara ni madai, polisi wanaingiaje hapo?"

Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo najiuliza kabla sijashika kalamu: huyu mtu akisema hapana, ana haki ya kusema hapana? Kama anayo, hapo unaomba, kwa mfano kuongezewa muda au kupunguziwa bei. Kama hana, unadai. Na kama hata jibu lake hulihitaji, unaarifu tu. Kwenye mazungumzo "naomba" tunaiweka kila mahali, naomba maji, naomba nipite, haina shida, ila kwenye karatasi inampa mwenzio mlango wa kukataa.

Tukaandika ya tatu pale pale barazani kwake. Kichwa: YAH: MADAI YA SHILINGI 1,860,000, SALIO LA VITANDA 8. Chini yake:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 4 Machi ulipokea vitanda 8 na kusaini hati ya kupokelea, nakala nimeambatanisha. Bei ni 3,360,000, ulilipa 1,500,000, na salio lilitakiwa kulipwa ifikapo tarehe 3 Aprili. Mpaka leo halijalipwa. Unatakiwa kulipa salio lote ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Usipolipa, nitafungua shauri la madai mahakamani bila kukupa taarifa nyingine."

Basi. Hakuna tusi hata moja, ila hakuna "kama itawezekana" pia. Mimi nilitaka kuongeza "haraka iwezekanavyo" mzee akaikata, haraka ya nani, andika siku. Na usitishie kitu ambacho hutakifanya. Nakala ya pili wakanisainia na tarehe, maana bila hiyo siku 14 utazihesabu kuanzia wapi? (Kama anayedaiwa ni serikali hesabu ni nyingine, kabla ya kuishtaki sheria inataka notisi ya siku 90.)

Siku ya 11 ikaja barua yao: "tunaomba kulipa salio la 1,860,000 kwa awamu mbili." Hapo "tunaomba" imekaa mahali pake, kwa sababu mimi naweza kukataa. Mzee alifurahi kuliko mimi, akasema sasa wamekiri deni kwa maandishi, itunze hiyo. Kwa hiyo na wewe ukidaiwa kiasi unachobisha, usikimbilie kuandika "naomba unipunguzie deni", ushakubali lote hapo. Anza na "kiasi hiki sikikubali" kisha ueleze kwanini.

Ya kuarifu nayo nilishaiharibu. Mbao zilipanda nikamwandikia mteja mwingine "naomba kukuarifu bei mpya, natumaini utaridhia", akanijibu hajaridhia. Siku hizi naandika "nakuarifu kuwa kuanzia tarehe 1 mwezi ujao kitanda kitakuwa shilingi laki nne na nusu," nukta. Ila hiyo ni kwa oda mpya tu. Oda uliyoshapokea advansi kwa bei ya zamani huwezi kuarifu, hapo rudi kwenye kuomba, tena uombe vizuri maana akikataa unamtengenezea kwa bei ile ile.

Awamu ya kwanza waliilipa siku waliyosema. Ya pili walichelewa siku nne, nikawatumia mistari mitatu, "unatakiwa" ikiwa mstari wa pili.