Ufupisho wa mpango mkakati kwa kikao cha watumishi: mambo ya kuzingatia kwa maofisa mipango wapya

Wadogo zangu mlioripoti hivi karibuni katika halmashauri za Kigoma, kila mwaka mpya wa fedha unapoanza naona jedwali lilelile la ufupisho wa mpango mkakati likipelekwa mbele ya watumishi, na kila mara linawaacha wakuu wa divisheni wakitazamana. Nawaandikia kwa sababu kazi hii mnaiweza, ila mnaifanya kwa haraka ya kunakili.

1. Lengo liandikwe kama hali itakayofikiwa, wala si kama shughuli. Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya mafunzo, usio wa halmashauri yoyote. Mpango wa Julai 2025 hadi Juni 2030 unasema: "Kuboresha uzalishaji wa michikichi kwa kugawa miche bora 57,200, kutoa mafunzo na kuimarisha masoko." Ofisa mpya huihamishia sentensi hiyo yote kwenye safu ya malengo, ilhali imebeba lengo moja na shughuli tatu. Lengo ni kwamba tija ya wakulima wa michikichi imeongezeka. Shughuli zibaki kwenye mpango kazi.

2. Kiashiria kipime kile ambacho lengo linakitaka. Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo panaponiumiza zaidi. Katika jedwali la mfano wetu, kiashiria huandikwa "miche 57,200 kugawiwa". Hiyo ni shabaha, tena ni shabaha ya shughuli. Sasa fikirini kalenda yetu. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na kwetu Kigoma mvua huwa zimekatika kufikia wakati huo, nazo hazirudi mpaka Oktoba au Novemba. Mtumishi aliyeambiwa kwamba atapimwa kwa miche iliyogawiwa atahangaika kuimaliza kabla ya Juni kwisha, mkulima ataipokea kiangazi kikianza, na mingi itakauka shambani. Taarifa ya mwaka itaonesha utekelezaji wa asilimia 100, na hakuna atakayekuwa amesema uongo. Nimeshuhudia taarifa ya namna hiyo ikipigiwa makofi, na mkulima aliyekuwapo ukumbini akanyamaza kimya.

Kiashiria bora ni asilimia ya miche iliyo hai miezi 12 baada ya kupandwa. Michikichi ikipandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa mpangilio wa pembetatu, hekta moja huchukua takriban miche 143, kwa hiyo miche 57,200 inatosha hekta 400. Ikiwa asilimia 60 tu ndiyo iliyopona, mnayo miche 34,320, sawa na hekta 240, na pengo la hekta 160 linaonekana mapema kiasi cha kupanga kuziba mapengo msimu unaofuata.

Je, tupime pia tani za mashada kwa hekta? Ndiyo, lakini kwa uangalifu. Aina ya Tenera huanza kuzaa takriban miaka mitatu baada ya kupandwa. Miche ya Novemba 2025 na Novemba 2026 itakuwa imeanza kuzaa kabla ya Juni 2030, ila ile ya Novemba 2028 haitakuwa imefika. Andikeni basi kwamba kiashiria cha mavuno kinahusu mashamba ya misimu miwili ya mwanzo, la sivyo mtawahukumu maofisa ugani kwa mashada yasiyoweza kuwapo.

3. Safu ya mhusika iwe na jina moja. Mkiandika "Kilimo, Maendeleo ya Jamii, Biashara, TARI na wadau", hakuna atakayesimama kujibu. Anayejibu ni Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Wengine wawekwe kwenye safu ya washiriki. TARI Kihinga hutafiti na kuzalisha mbegu bora za michikichi, lakini haiwajibiki kwa Mkurugenzi wenu. Ndivyo ilivyo pia kwa RUWASA katika maji vijijini na TARURA katika barabara.

4. Msiyaondoe malengo ya UKIMWI na ya kupambana na rushwa kwa kuwa yanajirudia katika kila mpango. Yanamgusa kila mtumishi aliyeketi ukumbini. Herufi za malengo zibaki kama zilivyo kwenye mpango, ili mtu aweze kuyafuatilia hadi kwenye mfumo wa mipango na bajeti wa PlanRep.

5. Kabla ya kikao, pelekeni kila mstari kwa mkuu wa divisheni husika na kumuuliza atafungua rejista ipi kujaza takwimu hiyo. Kwa miche iliyo hai, jibu linapaswa kuwa daftari la ofisa ugani wa kata, lenye jina la mkulima, tarehe ya kupanda na hesabu ya kila ukaguzi. Kama daftari hilo halipo, kulianzisha kuwe agizo la kwanza la kikao, na hesabu ya kwanza ifanyike miche ikiwa bado kitaluni.