Gauss 7 na Gauss 8, au Gauss–Kronrod? Bei ni ileile, mzigo si uleule

*Swali: Habari za kazi, Mwalimu. Natafuta intigrali ya fanksheni ambayo kila thamani yake moja inatoka kwenye programu ya kuiga joto kwenye bomba, na inachukua karibu sekunde 40. Ili nijue kosa, napiga Gauss ya nukta 7, kisha Gauss ya nukta 8, natazama tofauti. Mwenzangu anasema nitumie G7K15. Lakini 7 na 8 ni 15, na yake pia ni 15! Nitakuwa nimeokoa nini?*

Nzuri, ndugu yangu. Hesabu yako ya 15 ni sahihi, na kwa sekunde zako 40 ni dakika 10 kwa kila kipande, njia yoyote utakayoshika. Hutaokoa muda kwenye kipande kimoja. Tofauti ni kile unachokipata kwa dakika hizo 10.

Nukta za Gauss 7 na za Gauss 8 hazikutani hata moja. Kwa hiyo ukishapata jibu la Gauss 8, zile thamani 7 za mwanzo zimebaki za kupimia tu, hazichangii chochote kwenye jibu lenyewe. Umezilipia, kisha umezitupa.

Aleksandr Kronrod, mwanahisabati wa Urusi, alichapisha mwaka 1964 majedwali yaliyojengwa kwa wazo jingine: zile nukta 7 zibaki palepale, tuongeze 8 mpya katikati na pembeni mwao, kisha tupange uzani upya kwa nukta zote 15. Hiyo ndiyo G7K15 ya mwenzako. Sasa hesabu uhuru tulio nao. Nukta 8 za kuchagua na uzani 15 wa kuchagua ni vitu 23, basi tunaweza kulazimisha kanuni iwe sahihi kabisa kwa polinomia hadi digrii 22, na ulinganifu wa kushoto na kulia unatuongezea digrii ya 23 bure. Gauss 8 yako ina nukta 8 na uzani 8, vitu 16, inaishia digrii 15. Kwa thamani 15 zilezile, wewe unaishia 15 na mwenzako anafika 23.

Tulione kwa jozi ndogo zaidi unayoweza kuipiga kwa kikokotoo, G2K5. Nukta mbili za Gauss ni ±√(1/3). Kronrod anaongeza 0 na ±√(6/7). Uzani mpya ni 28/45 kwenye sifuri, 27/55 kwenye zile za zamani, na 98/495 kwenye za pembeni. Angalia kwamba nukta za zamani zimebadilishiwa uzani, kutoka 1 hadi 27/55. Hapo ndipo wengi wanaoandika programu yao wenyewe huteleza: wanachukua jibu la Gauss na kulijumlishia nukta mpya. Kinachotumika tena ni thamani za fanksheni, si jumla yake. Ukitaka kujikagua haraka, jumlisha uzani wote. Lazima upate 2.

```python
def g2k5(f, a, b):
    c, h = (a + b)/2, (b - a)/2
    u, v = (1/3)**0.5, (6/7)**0.5
    s = f(c - h*u) + f(c + h*u)
    t = f(c - h*v) + f(c + h*v)
    g = h*s
    k = h*(28/45*f(c) + 27/55*s + 98/495*t)
    return k, abs(k - g)
```

Chukua 1/(1+x²) kutoka −1 hadi 1. Jibu la kweli ni π/2, yaani 1.570796. Gauss 2 inatoa 1.5. Kwa mtindo wako ungeongeza Gauss 3, ambayo inatoa 1.583333: umetumia thamani 5 na jibu lako limekosea kwa 0.0125. K5, kwa thamani 5 pia, inatoa 1.571795, kosa 0.0010. Zaidi ya mara 12 karibu na ukweli.

Sasa tazama makadirio ya kosa, maana hapa watu huchanganyikiwa. Tofauti ya K5 na G2 ni 0.0718, wakati kosa halisi la K5 ni 0.0010. Makadirio yamezidi mara 70 hivi. Si hitilafu. Tofauti hiyo kwa kweli inapima kosa la G2, kanuni dhaifu, ilhali jibu tunalorudisha ni la K5. Ndiyo maana waandishi wa QUADPACK, maktaba iliyotolewa 1983 na ambayo `quad` ya SciPy bado inaiegemea, hawakuitumia tofauti hiyo ikiwa mbichi. Wanaizidisha kwa 200, wanaipandisha kwa kipeo cha 1.5, wakiwa wameipima dhidi ya ukubwa wa mabadiliko ya fanksheni kwenye kipande hicho. Ni kanuni ya uzoefu, haina uthibitisho nyuma yake. Kwa f yako ya gharama kubwa ningeanza na tofauti mbichi, nijue tu kwamba inatia chumvi.

Tuseme 0.0718 haituridhishi. Tunakata kipande katikati na kurudia kwenye kila nusu. Jumla ya K5 mbili sasa ni 1.570793, kosa 0.000003, na jumla ya tofauti imeshuka hadi 0.0030. Programu kamili hufanya hivyo kila mara kwa kipande chenye tofauti kubwa kuliko vyote, hadi jumla ya tofauti iingie ndani ya kiwango ulichoomba. Lakini nisikufiche: ukikata, nukta za zamani haziangukii mahali pa nukta mpya, na thamani za kipande mzazi karibu zote zinapotea. Simpson ya kukata nusu huzibeba zote. Kwa f yenye mikunjo mingi na kiwango cha usahihi cha kawaida, Simpson si ya kudharau.

Kuna mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni mwinuko mwembamba. Mpe `quad` exp(−x²) kutoka −10000 hadi 10000. Kipande cha kwanza kinauona mwinuko kwa sababu nukta ya katikati inaangukia sifuri. Kikikatwa, nukta iliyo karibu na sifuri iko umbali wa 20 na ushei, ambako fanksheni imekwisha. Kanuni zote mbili zinaona sifuri, tofauti ni sifuri, na unarudishiwa jibu lililo sifuri kwa vitendo, lenye kosa 0.0, badala ya 1.77245. Ukiongeza `points=[-100, 100]` linapatikana. Kwa bomba lako, kata mwenyewe mahali unapojua joto linaruka, mfano kwenye kiungo cha bomba.

La pili linakuhusu wewe hasa. Thamani zako zinatoka kwenye programu yenye kiwango chake cha usahihi. Ikiwa kila thamani ina kelele ya 10⁻⁴, tofauti ya G na K haitashuka chini ya hapo hata ukate mara mia, na kila mkato ni dakika 20. Dalili yake ni hii: kwenye fanksheni laini, mkato mmoja wa G2 hushusha tofauti takriban mara 16 (kwetu ilishuka mara 24), na wa G7 huishusha mara maelfu. Ukikata na tofauti ikabaki karibu palepale, acha kukata. Kaza kwanza kiwango cha usahihi cha programu ya joto, au ukubali usahihi uliopo.